Barua 23 na nyundo moja: kisa cha kupigilia nguzo za msingi katikati ya makazi, Dar es Salaam

Kisa hiki ni cha saiti moja ya ghorofa saba katika Wilaya ya Kinondoni. Mimi nilikuwa afisa usalama upande wa mkandarasi. Nimeondoa jina la mtaa, la mkandarasi na majina ya watu wote. Ninachosimulia ni jinsi tulivyowaambia majirani, mara mbili, kuhusu kazi ileile, na tofauti iliyotokea.

Usuli

Kiwanja kilikuwa kati ya nyumba za kawaida za mtaa. Nyingi ni za vyumba sita au nane vinavyotazamana kwenye korido, na choo kiko uani. Upande wa mashariki nyumba ya karibu ilikuwa mita 9 kutoka mstari wa kwanza wa nguzo. Upande wa kaskazini kulikuwa na kichochoro ambacho wanafunzi hukitumia kukata njia kwenda shule ya msingi, iliyo kama mita 160 kutoka saiti.

Ardhi ya pale ni mchanga, na maji yako karibu. Mhandisi wa msingi alichagua nguzo za zege zilizokwisha kufinyangwa, zenye upana wa sentimita 30 kwa 30 na urefu wa mita 12. Zilikuwa 84, za kupigiliwa kwa nyundo ya haidroliki. Kwa gharama na muda, uchaguzi huo ulikuwa sawa. Kwa jirani, hakuna kazi ya ujenzi inayosumbua kuliko hiyo, labda kuvunja jengo.

Kuna jambo jingine lililokuwepo kabla yetu. Ulikuwa haujapita mwaka tangu ghorofa liporomoke Kariakoo, Novemba 2024, na kuua watu. Mtaani kwetu kulikuwa na familia iliyokuwa na duka jirani na jengo lile. Tulilijua hilo baadaye, ingawa lilikuwa jambo la kuuliza mwanzoni.

Barua ya kwanza

Mkataba ulitutaka "kuwaarifu wakazi". Ofisi iliandika barua, ikapigwa mhuri, nakala moja ikabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa na nyingine 23 zikapelekwa kwa wenye nyumba. Maneno yake yalikuwa haya:

"Tunapenda kuwataarifu kuwa kazi za awali za msingi zitaanza wiki ijayo. Tahadhari zote za usalama zimezingatiwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Barua hiyo niliipitia mimi, nikaiona nzuri. Leo nikiisoma naona sentensi tatu zisizomwambia mtu chochote. "Kazi za awali za msingi" kwa jirani ni watu wenye sururu na makoleo. Siku haikutajwa, saa haikutajwa, neno "nyundo" halimo. Tahadhari "zimezingatiwa", lakini ni zipi? Na ile radhi imeombwa kabla mtu hajajua atakosewa nini.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la anwani. Wenye nyumba wengi hawaishi pale. Mmoja yuko Kigamboni, mwingine Mbezi, wanakuja kuchukua kodi. Wanaolala vyumbani ni wapangaji, na hakuna barua hata moja iliyowafikia. Bango la mradi lilikuwepo getini, na majina ya mwenye mradi, mkandarasi na mhandisi. Bango hilo humwambia mtu nani anajenga. Halimwambii kesho saa ngapi kitanda chake kitatikisika.

Siku ya kwanza ya nyundo

Tulianza Jumatatu saa 2 asubuhi. Nguzo ya kwanza ilikuwa mita 25 kutoka nyumba ya karibu, nasi tuliona tumeanza mbali kwa makusudi. Nyundo ilipiga kama mapigo 40 kwa dakika.

Kifaa chetu cha kelele kilisoma desibeli 96 mita 10 kutoka kwenye nyundo. Kwa chanzo kimoja kilicho mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili kelele hupungua takriban desibeli 6. Kwa hiyo mita 20 ni 90 na mita 40 ni 84. Pale shuleni, mita 160, inabaki 72, ilhali watu wawili wanaozungumza kwa sauti ya kawaida wako kwenye 60 hivi. Mwalimu anayesimama dirishani hasikiki.

Tulikuwa tumezungushia mabati tukiamini yatapunguza sauti. Hapo palikuwa na upofu wa ajabu. Nguzo ya mita 12 ikisimamishwa, nyundo iko juu kabisa, inapiga ikiwa juu ya mabati na juu ya mapaa ya nyumba. Mabati huanza kusaidia nguzo ikishazama karibu yote. Nusu ya kwanza ya kila nguzo mtaa mzima ulikuwa unaitazama nyundo uso kwa uso.

Mtetemo nao ukaenda kinyume. Mwanzoni, nguzo inapopita kwenye mchanga laini, ardhi haisikii sana. Ikifika kwenye mchanga mgumu chini, kila pigo linarudi juu. Kwenye msingi wa ile nyumba ya mashariki kipimo kilipanda mpaka milimita 1.1 kwa sekunde dakika za mwisho. Hiyo ni kasi ya chembe ya ardhi inapotikisika, na ndiyo tunayopima, maana ndiyo inayohusiana na nyufa.

Kwa mhandisi 1.1 ni ndogo. Kiwango cha Kijerumani cha DIN 4150-3 kinaruhusu milimita 5 kwa sekunde kwenye msingi wa nyumba ya makazi kwa mitetemo inayojirudia mara chache kwa sekunde, na hicho ni miongoni mwa viwango vikali. Lakini mwili wa binadamu ni kipimo chepesi kuliko ukuta. Mwongozo wa Uingereza wa BS 5228 unasema mtu nyumbani huanza kuhisi kwenye 0.3. Kuhusu 1.0 unasema kitu ambacho ningependa kila meneja wa mradi akibandike ukutani: kuna uwezekano mkubwa kiwango hicho kikaleta malalamiko, lakini watu wanaweza kukivumilia ikiwa waliambiwa kabla na wakaelezwa. Yaani mtetemo uleule, ukuta uleule, na kinachobadilisha mambo ni kama mtu alijua.

Majirani zetu hawakujua. Walichosikia ni chuma, wakaona maji yanacheza ndooni, na kadiri dakika zilivyokwenda mtikisiko ukazidi badala ya kupungua. Mtu aliyeyaona ya Kariakoo atafikiri nini? Saa 4 na nusu kundi la watu lilikuwa getini. Mlinzi wa usiku aliyekuwa amelala saa moja tu alikuja na msuli wake. Mama mmoja alikuwa na kichanga cha wiki mbili mikononi. Mtendaji wa mtaa alifika saa 5, akatuambia tusimamishe mpaka tuongee. Tulisimama siku tatu.

Mazungumzo na mjumbe

Jioni hiyo nilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, mama mtu mzima anayeuza vitenge barazani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Barua yenu ninayo hapa, nimeisoma mara mbili. Haijasema kitu."

Nikaanza kumweleza viwango. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Hayo ya milimita waambie wakubwa zako. Mimi nipe saa ya kuanza na saa ya kumaliza, uniambie nikiona nini nikimbie na nikiona nini nitulie. Wapangaji nitawazungukia mwenyewe."

Sijawahi kupata maelekezo ya kazi yaliyonyooka kama hayo.

Maamuzi na sababu zake

Katika siku zile tatu tulifanya mambo manne, na si yote tuliyafanya kwa hiari. Meneja alitaka tuombe radhi na kuendelea. Kilichombadilisha ni hesabu ya winchi na nyundo vilivyokodishwa na vimekaa bure.

La kwanza ni saa. Tuliacha kuanza saa 2. Tukapiga kuanzia saa 3 mpaka saa 6, kisha saa 8 mpaka saa 11 jioni. Ijumaa tulinyamaza kuanzia saa 5 na nusu mpaka saa 8 kwa ajili ya swala. Jumapili hakuna kazi. Nguzo zikashuka kutoka sita kwa siku kwenye mpango hadi nne, kwa hiyo kazi ya wiki mbili ikawa ya siku 21. Mwalimu mkuu alipoulizwa, na hakuwa ameulizwa kabla, alisema mtihani wa darasa la saba uko ndani ya kipindi hicho. Siku hizo mbili tulizifuta kabisa. Mjumbe alitaka tuzitaje kwenye tangazo, na tulipozitaja wazazi walituchukulia tofauti.

La pili ni tangazo lenyewe. Liliandikwa upya kwenye karatasi moja, likasomwa na mjumbe kabla ya kuchapwa, kisha likapelekwa chumba kwa chumba na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwa sauti, maana si kila mtu anasoma karatasi:

"Kuanzia Ijumaa tunapigilia nguzo za zege ardhini kwa nyundo kubwa. Utasikia mlio wa kugonga, pigo moja kila sekunde moja na nusu, kwa dakika 30 hadi 40. Halafu kimya cha nusu saa au zaidi, tunapoandaa nguzo nyingine. Nguzo nne kwa siku, siku 21. Mtikisiko utakuwa mdogo mwanzoni na utazidi mwishoni mwa kila nguzo. Maana yake nguzo imefika ardhi ngumu na tunakaribia kumaliza. Vyombo kugongana na maji kucheza ndooni ni kawaida. Ukiona ufa mpya, ufa wa zamani uliopanuka, mlango uliokuwa unafunga sasa haufungi, au ardhi imetitia, piga namba iliyo chini. Tutasimamisha nyundo kwanza, ndipo tuje kuangalia."

Ile sentensi ya mtikisiko kuzidi mwishoni ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote. Ishara iliyokuwa inatisha iligeuka ishara ya kumaliza. Wiki ya pili nilimsikia kijana wa genge akimwambia mteja, "Hiyo imeshafika chini, inanyamaza sasa hivi."

La tatu ni picha za nyumba. Tulipita nyumba zote zilizo ndani ya mita 50, tukapiga picha kila ufa, na kitu cha kupimia pembeni, tukiandika tarehe ukutani kwa penseli. Kwenye nyufa kumi na moja tulibandika vipande vya kioo kwa plasta. Ufa ukisogea, kioo kinapasuka, na mwenye chumba anaona mwenyewe bila kutusubiri. Kila mpangaji na mwenye nyumba alibaki na nakala ya picha zake. Kazi hii ilipaswa kutangulia nyundo. Kuifanya baada ya nguzo tatu za Jumatatu kulitugharimu, na nitafika huko.

La nne ni mlinzi wa usiku. Kelele ya mchana kwake ni kelele ya usiku wa manane, na hakuna ratiba ingemsaidia. Tulimlipia chumba cha gesti mbali na pale, shilingi 15,000 kwa siku, siku 21, jumla 315,000. Meneja aliguna, lakini ni pungufu kuliko hasara ya nyundo kukaa bure nusu siku. Mama wa kichanga alichagua kwenda kwa dada yake Tabata, tukampa nauli na kumjulisha siku ya kurudi.

Kichochoro

Hatari ya kweli ya kuua mtu haikuwa kelele wala mtetemo. Ilikuwa nguzo ikiwa hewani. Winchi ilisimama mita 10 kutoka mabati ya kaskazini, na nguzo ina mita 12. Ikidondoka na kulalia upande huo, inavuka mabati na kukilalia kichochoro.

Kukifunga siku nzima kungewazungusha watoto barabara kuu yenye bodaboda na daladala, yaani tungewatoa kwenye hatari ndogo na kuwapeleka kwenye kubwa. Kwa hiyo tulikifunga kwa dakika zile tu ambazo nguzo inaning'inia, kwa kamba na mtu kila mwisho. Kipenga kimoja kirefu kilimaanisha usipite, viwili vifupi pita.

Siku ya nne mfumo ukavunjika. Watoto walikuwa wamenunua vipenga dukani na wanapuliza kutwa. Tukahamia kengele ya chuma, kipande cha reli kilichotundikwa mlingotini. Bodaboda hawakujali kipenga wala kengele. Waliheshimu kamba tu, na kamba yenyewe pale tu ilipokuwa na mtu.

Wiki tatu za kazi

Siku mbili za mwanzo namba ya simu haikupokelewa mara tano. Nilikuwa nayo mimi, saiti, nimeziba masikio kama inavyotakiwa, karibu na nyundo. Simu ya dharura ya kelele tuliikabidhi kwa mtu asiyeweza kusikia! Tulimpa mtunza stoo, aliyekaa kontena la mbali, na redio ya kumfikia mwendesha nyundo moja kwa moja. Baada ya hapo zilipigwa simu 19. Nyundo ilisimamishwa mara 19, hata pale mpigaji alipokuwa mtoto anayejaribu kama kweli itasimama. Tulibishana kuhusu hiyo moja. Mimi niliona ni bei nafuu, kwa sababu mtaa mzima ulishuhudia kuwa namba inafanya kazi.

Tulipokaribia mstari wa mashariki, nguzo ya kwanza ilisoma 4.2 kwenye nyumba ya mita 9. Tulikuwa tumewaambia wakazi kwamba tukifika 3 tutabadili namna ya kufanya kazi. Kwa hiyo nguzo tisa za mstari ule tulizitobolea shimo la mita 6 kwanza, kisha tukapigilia sehemu iliyobaki. Kipimo kilishuka hadi 1.8, na tulibandika namba zote mbili getini, ikiwemo ile 4.2. Fomeni aliona tunajianika. Lakini watu walikuwa wameshaihisi mwilini, kwa hiyo kuificha kungetuaibisha sisi tu.

Vioo kumi havikupasuka. Kimoja kilipasuka, kwenye ukuta wa uzio uliokuwa umeinama tangu zamani, na tuliubomoa na kuujenga upya kwa gharama yetu.

Shimo la choo

Siku ya 16 mpangaji wa nyumba ya mashariki alipiga simu saa 9 mchana. Ardhi nyuma ya choo imetitia. Tulipofika tukakuta duara la kama mita moja na nusu limezama kina cha goti. Chini yake kulikuwa na shimo la choo la zamani, lililojaa na kufunikwa miaka kadhaa nyuma, lenye matofali yasiyo na chokaa kwenye viungo. Lilikuwa mita 5 tu kutoka mstari wa nguzo. Hakuna aliyeumia. Nusu saa kabla watoto walikuwa wakicheza hapohapo.

Vipimo vyetu siku hiyo vilikuwa 1.6. Hapo ndipo kiwango cha milimita 5 kinapokoma kusaidia. Kinahusu nyufa za majengo. Hakisemi lolote kuhusu mchanga mlegevu wenye maji, ambao ukitikiswa mara nyingi hujipanga upya na kushuka, hasa penye uwazi chini yake. Mtetemo mdogo mara elfu kadhaa unaweza kufanya ambacho mkubwa mmoja hauwezi.

Kilichoniuma ni kwamba yule mpangaji alilijua lile shimo. Mjumbe alilijua. Tulipopita na kamera tuliangalia kuta, milango na sakafu, tukawauliza kuhusu nyufa. Hatukuuliza kuna nini chini ya uwanja wao. Wao nao wangejuaje kwamba shimo lililofukiwa ni habari kwetu?

Matokeo na uchambuzi

Nguzo zote 84 ziliingia bila kusimamishwa tena na mtaa. Yalibaki madai mawili ya nyufa, na hatukuwa na picha za nyumba hizo za kabla ya ile Jumatatu ya kwanza. Moja, kwa maoni yangu, lilikuwa la ufa wa zamani wenye vumbi na utando wa buibui ndani. Mkandarasi alilipa yote mawili. Bila picha ya kabla, neno lako na la jirani ni sawa, na wewe ndiye mwenye nyundo.

Nikilinganisha barua na tangazo, urefu na heshima ya lugha havikuwa tofauti kubwa. Barua iliongelea sisi: tunapenda, tunazingatia, tunaomba. Tangazo liliongelea kile ambacho mtu atakisikia akiwa kitandani, na likampa uwezo wa kusimamisha kazi. Wakazi hawakuhitaji kuamini uhodari wetu. Walihitaji kuweza kutofautisha mtikisiko wa kawaida na wa hatari, na hilo linafundishika kwa sentensi mbili.

Sina hakika kwamba mambo yangekwenda hivi bila mjumbe yule. Kwenye saiti iliyofuata, mtaa ambao mjumbe na mwenyekiti hawaelewani, karatasi ileile ilionekana ni ya upande mmoja, na ilitubidi kuwazungukia wapangaji wenyewe kwa jioni nne.

Fomu yetu ya kutembelea nyumba ina swali jipya, la kwanza kabisa, kabla ya nyufa. Linaulizwa kwa mdomo, kwa mtu aliyeishi pale muda mrefu kuliko wote: "Ndani ya hatua ishirini kutoka mabati yetu, kuna shimo, kisima au choo cha zamani, hata kama kilifukiwa?" Saiti ya mwisho niliyosimamia, swali hilo lilitupatia mashimo manne na kisima kimoja, na kisima kilikuwa chini ya ubaraza ambao bibi mwenye nyumba hukaa kila jioni.